Dola Iliyohesabu Siku za Kazi kwa Mafundo

Mwaka 1561, wakuu wa jimbo la Hatun Xauxa walifika mbele ya mahakama kuu ya Wahispania mjini Lima kudai malipo. Tangu mwaka 1533, majeshi ya Wahispania yalikuwa yakipita katika bonde lao la Jauja, kwenye milima ya Peru ya leo, na kila yalipopita yalihitaji kulishwa, kuvishwa na kubebewa mizigo. Wakuu walitaka gharama hiyo itambuliwe. Hawakuwa na stakabadhi wala daftari. Walikuwa na kamba zenye mafundo, na watu waliojua kuzisoma.

Wasomaji wale walishika kamba na kutaja walichotoa, mkalimani akatafsiri, karani akaandika kwa Kihispania. Walipokea nini, nani alipokea, katika msafara upi: lama wangapi, nguo ngapi, mahindi, kinoa na viazi kiasi gani, viatu, vyungu, kuni, majani ya farasi, hata kware na samaki. Hesabu ilienda mwaka kwa mwaka kwa zaidi ya miaka 20. Vitu vilivyotolewa kwa hiari vilitajwa peke yake, na vilivyoporwa peke yake. Mwizi naye alikuwa na kamba yake.

Cha kushangaza si kumbukumbu tu. Dola iliyowafundisha watu hawa kuhesabu ilikuwa imeanguka karibu miaka 30 nyuma. Mfalme wake wa mwisho, Atawalpa, alitekwa Cajamarca mwezi Novemba 1532 na kuuawa mwaka uliofuata. Hapakuwa tena na serikali ya Inka ya kuwakagua, lakini wakuu wa Jauja waliendelea kufunga mafundo kana kwamba mkaguzi kutoka Kusko angefika kesho.

Dola hiyo wenyewe waliiita Tawantinsuyu, yaani sehemu nne zilizounganishwa. Ilidumu kwa upana wake takriban karne moja tu, lakini ilienea kilomita karibu 4,000, kuanzia mpaka wa kusini wa Kolombia ya leo, kupitia Ekwado, Peru na Bolivia, hadi katikati ya Chile na kaskazini magharibi mwa Ajentina. Watu wake walikuwa mamilioni, wakizungumza lugha nyingi. Waliunganishwa na mtandao wa barabara wa kilomita zipatazo 40,000, pamoja na wakimbiaji waliopokezana ujumbe kutoka kituo hadi kituo. Yote haya yalifanyika bila maandishi, bila gurudumu, bila farasi na bila sarafu. Mtu aliyezoea serikali za karatasi na fedha atauliza mara moja: walikusanyaje kodi?

Jibu ni kwamba hawakukusanya mazao ya mtu. Walikusanya siku zake.

Kijana alipooa na kuanzisha nyumba yake ndipo alipoingia kwenye hesabu ya dola. Kuanzia hapo, yeye na mkewe walidaiwa zamu ya kazi: kulima shamba la serikali, kufuma, kuchimba madini, kujenga, kubeba mizigo au kwenda vitani. Chakula kilichoota katika shamba lao na kilichohifadhiwa nyumbani mwao hakikuguswa. Nguo walizofuma kwa ajili ya dola zilitengenezwa kwa sufu au pamba iliyotolewa na dola. Na wakati wa zamu, dola ndiyo iliyolisha, tena si kwa chakula tu bali kwa chicha, pombe ya mahindi, kwa wingi. Kazi bila pombe na karamu ilihesabiwa kuwa utovu wa adabu. Mfalme aliomba, kwa namna ya mkuu wa ukoo anayewaita jamaa zake kwenye ujima, ingawa ni wazi kwamba ombi la mwenye jeshi si la kukataliwa.

Ili kujua nani atakwenda wapi, watu walipangwa kwa makumi. Nyumba 10 zilikuwa na msimamizi wao, nyumba 100 zilikuwa na mkuu, kisha nyumba 1,000, kisha 10,000. Kundi la 100 liliitwa pachaka na la 1,000 liliitwa waranka. Hesabu hizi hazikuwa kamili kila mahali, kwa sababu koo hazizaliani kwa makumi. Pachaka nyingine ilipungua kwa ugonjwa au vita na nyingine ikafurika. Lakini zilitosha kugawa kazi kwa haki inayoweza kuonyeshwa, na mzigo ulipandishwa au kushushwa hesabu mpya ilipofanywa.

Mfano mzuri ni Wachupachu, watu wa bonde la juu karibu na mji wa Huánuco. Mwaka 1549 wakaguzi wa Kihispania waliwauliza walikuwa wakimfanyia nini Inka. Wakajibu kwa orodha ndefu, ambayo wataalamu wanaona ilisomwa moja kwa moja kutoka kwenye kamba. Walikuwa waranka nne, yaani pachaka 40. Kwenye machimbo ya dhahabu kila pachaka ilitoa wanaume watatu na wanawake watatu. Tatu mara 40 ni 120, na 120 ndiyo idadi ya wanaume iliyotajwa. Wengine 400 walifuma nguo laini, 60 walikusanya asali, 40 walifinyanga vyungu, 40 waliwinda. Watu 200 walikwenda kulinda ngome upande wa Quito, mbali sana kaskazini, na 68 walilinda kituo cha serikali pale Huánuco. Mwishoni kabisa wapo 500 waliolima na kufanya kazi nyingine bila kutoka katika ardhi yao.

Ukiitazama orodha hiyo kwa makini utaona kwamba karibu kila idadi inatokana na kugawa pachaka 40 kwa kiwango fulani: mmoja kwa kila pachaka ni 40, kumi kwa kila pachaka ni 400, watano ni 200. Mkuu wa Wachupachu hakuhitaji kujua majina ya watu elfu nne. Alipokea idadi moja kutoka juu na kuigawa mara 40, kisha mkuu wa pachaka akaigawa kati ya nyumba zake, na mtu wa mwisho katika mnyororo huo ndiye aliyejua kwamba mwaka huu ni zamu ya fulani, kwa sababu mwaka jana alikwenda jirani yake.

Sasa, siku ya kazi haiwezi kuwekwa akiba. Mtu ambaye hakulima leo, siku hiyo imepotea. Ghala ndilo lililogeuza siku hizo kuwa kitu cha kukaa.

Kwenye milima ya Andes palikuwa na sababu nyingine ya kujenga maghala mengi. Lama hubeba kilo 30 hivi tu, na hachapuki njia. Mpagazi hubeba mzigo kama huo, lakini naye anakula njiani. Kwa hiyo mahindi yakisafirishwa mbali juu ya miteremko mikali, sehemu kubwa huishia matumboni mwa wanaoyabeba. Inka walisafirisha mbali vitu vyepesi vyenye thamani, kama nguo laini, dhahabu na manyoya ya ndege. Chakula kilibaki karibu na kilipolimwa, na watu ndio waliofuata chakula. Jeshi lilitembea kutoka ghala hadi ghala.

Pale Huánuco Pampa, mji wa utawala uliojengwa kwenye uwanda wa baridi ulio juu ya meta 3,600 kutoka usawa wa bahari, mwanaakiolojia Craig Morris alihesabu maghala 497 yaliyopangwa kwa mistari ubavuni mwa kilima. Yakijumlishwa yangeweza kuchukua takriban meta za ujazo 38,000. Hayakuwekwa kilimani kwa ajili ya mandhari. Upepo na ubaridi wa juu ulikausha hewa, na kila jengo la mawe lilisimama mbali kidogo na jingine ili moto ukizuka usiyateketeze yote. Ya duara yalitumika zaidi kwa mahindi, ambayo yaliwekwa ndani ya mitungi mikubwa. Ya mstatili yalikuwa ya viazi na mizizi mingine, iliyolazwa katika matabaka ya nyasi na kufungwa kama robota. Mengine yalikuwa na mifereji ya hewa chini ya sakafu, kwani adui mkubwa wa kiazi ni joto na unyevu, vinavyokifanya kichipue au kuoza.

Viazi vilikuwa na dawa nyingine pia. Vilianikwa usiku kwenye baridi kali vikaganda, mchana vikayeyuka juani, vikakanyagwa kwa miguu kutoa maji, na baada ya siku kadhaa za kurudia hivyo vikawa vikavu na vyepesi. Chunyo hiyo, kama inavyoitwa, hukaa miaka bila kuharibika. Kwa mahindi, ambayo hayastawi kwenye baridi kali, dola ilitafuta mabonde ya chini. Huko Cochabamba, Bolivia ya leo, Wayna Qhapaq, baba yake Atawalpa, alihamisha wenyeji na kuwaleta wafanyakazi 14,000 kutoka sehemu mbalimbali kulima mahindi kwa ajili ya majeshi. Karibu na hapo, Cotapachi, kuna mabaki ya maghala yapatayo 2,400.

Jauja lilizidi hata hayo. Kuzunguka mji wa Hatun Xauxa peke yake kulikuwa na maghala zaidi ya 1,000, na bonde zima lilikuwa na zaidi ya 2,000. Bonde hilo lilikuwa la Wawanka, watu waliotekwa na Inka katikati ya karne ya 15 na ambao hawakuwahi kuwapenda. Kabla ya Wahispania walihesabiwa kuwa na wanaume wa kazi 27,000 katika majimbo matatu, Hatun Xauxa likiwa na 6,000. Ghala lililojaa juu ya kilima lilikuwa jibu kwa njaa, na pia lilikuwa tishio. Mwanakijiji aliyeinua macho aliona chakula alichokilima mwenyewe, na aliona ni nani mwenye kukigawa.

Kuendesha maghala elfu kadhaa bila daftari kunahitaji chombo cha kuaminika. Chombo hicho kilikuwa kipu: kamba kuu moja, ambayo kwayo zinaning'inia kamba nyembamba za pamba au sufu, kumi, mia, au hata zaidi, zenye rangi tofauti. Kila kamba hubeba namba kwa mpango wa makumi, kama tunavyoandika leo. Mahali pa mafundo ndipo panaposema ni makumi au mamia. Juu kabisa ni maelfu au mamia, katikati makumi, chini kabisa mamoja.

Tuchukue wale walinzi 68 wa Wachupachu. Katikati ya kamba ungefunga mafundo sita ya kawaida yaliyosogeleana. Chini yake, baada ya nafasi, ungefunga fundo moja refu ambalo uzi umezungushwa mara nane. Fundo hilo refu hufungwa kwenye mamoja tu, hivyo vidole vikilifikia vinajua namba imeisha. Kwa moja peke yake, ambayo haiwezi kufungwa kwa fundo refu, hutumika fundo lenye umbo la tarakimu nane. Wachimbaji 120 wangekuwa na fundo moja kwenye mamia, mawili kwenye makumi, na patupu kwenye mamoja. Patupu hapo ndipo sifuri ilipo, na msomaji huitambua kwa kulinganisha urefu wa mafundo na kamba za jirani. Ndiyo maana kamba zilifungwa kwa mistari iliyonyooka kwa uangalifu mkubwa.

Mpango huu uligunduliwa upya mwaka 1912 na Leland Locke, ambaye alikuwa akichunguza kipu zilizohifadhiwa New York. Alichokiona kilikuwa rahisi: kwenye baadhi ya kipu, kamba moja inayosimama upande wa juu ilikuwa na namba iliyo sawasawa na jumla ya kundi la kamba zinazoning'inia. Jumla haitokei kwa bahati. Pia ndiyo iliyomlinda mtunza kipu dhidi ya kosa, kwa kuwa fundo moja likizidi, jumla haitalingana na kosa litaonekana bila kumuuliza mtu. Hesabu zenyewe zilifanywa kwanza kwa punje au vijiwe kwenye ubao wenye vijumba, kisha matokeo yakafungwa. Garcilaso de la Vega, mwandishi aliyezaliwa na mama wa Kiinka, anasema hata kijiji kidogo kilikuwa na watunza kipu wasiopungua wanne, ili wasipatane kudanganya.

Hesabu zilipandaje kutoka kijijini hadi juu? Ushahidi ulitoka Puruchuco, karibu na Lima, ambako kipu 21 zilikutwa zimefichwa ndani ya nyumba moja. Gary Urton na Carrie Brezine walizilinganisha kwa kompyuta na mwaka 2005 wakaonyesha kwamba saba kati yake zinapangika katika ngazi tatu. Makundi ya namba yaliyo kwenye kipu ya chini hujumlishwa, na jumla hiyo inaonekana tena kwenye kipu ya ngazi inayofuata. Ni taarifa zilizokuwa zikipandishwa na maagizo yaliyokuwa yakishushwa, zikiwa zimebaki mikononi mwa mtu wa kati.

Kisha kuna Inkawasi, kwenye bonde la Cañete kusini mwa Lima. Hapo mwanaakiolojia Alejandro Chu na timu yake walichimbua ghala na kukuta kipu zikiwa zimezikwa pamoja na mazao yenyewe: karanga, pilipili na maharage meusi. Ni nadra sana kwa kipu kukutwa mahali pake pa kazi. Nyingi zilitoka makaburini. Sakafu ya ghala hilo ilikuwa na alama za miraba sawasawa, ambazo yamkini zilitumika kupimia mazao yaliyomwagwa hapo. Kwenye baadhi ya kipu, namba moja ya kudumu hujirudia karibu na namba kubwa, na namba ya tatu ni kile kinachobaki ukitoa ile ya kudumu. Chu na Urton wanaiona kama sehemu iliyokatwa kila mzigo ulipoingizwa.

Hata hivyo kuna mpaka. Namba zinasomeka, lakini kitu kinachohesabiwa hakisomeki kwa urahisi. Bila karanga zilizolala kando yake, kipu ya Inkawasi ingekuwa namba tupu. Rangi, upande uzi ulikosokotwa na upande fundo lilikofungwa vilibeba maana, na mtunza kipu alijua maana hiyo kwa kufundishwa. Kipu takriban elfu moja zimesalia duniani, na sehemu yake haifuati kabisa mpango wa makumi. Huenda zilibeba habari za koo na vita. Lakini kwa uendeshaji wa dola, namba ndizo zilizokuwa na kazi ya kila siku, na hizo ndizo tulizo nazo.

Turudi Jauja. Wahispania walipofika mwaka 1533, Wawanka walijiunga nao dhidi ya Inka, na wakuu wao wakawafungulia maghala. Watawala wapya walikuta chakula kisicho na kifani. Polo de Ondegardo, ofisa aliyekuwemo katika jeshi la Pedro de la Gasca, anaeleza kwamba jeshi hilo lilipopiga kambi Jauja lilikula kutoka kwenye maghala kwa muda wa wiki saba, na yalikuwa na zaidi ya fanega 15,000 za chakula. Hiyo ilikuwa mwishoni mwa mwaka 1547, miaka 15 baada ya Cajamarca.

Mwandishi wa tarehe Pedro Cieza de León, askari aliyetembea sana nchini humo, hakuamini kirahisi aliposikia habari za kamba. Alipofika bondeni alimwomba mkuu Guacarapora amweleze. Mkuu akawaita watunza kipu wake, nao wakamsomea kila kilichokabidhiwa tangu Pizarro alipoingia, bila kuruka kitu. Cieza aliondoka akiwa amekubali.

Miaka ya 1970 mwanaanthropolojia John Murra aliisoma ile nakala ya mahakama na kugundua jambo ambalo makarani hawakuliona. Vitu vilitajwa kwa mpangilio uleule katika kila msafara. Lama na nguo zilikuwa juu, mahindi, kinoa na viazi vikafuata, kuni, ndege na samaki vikaja nyuma. Karani wa Kihispania hakuupanga hivyo. Alifuata mkono wa msomaji ukishuka kamba baada ya kamba. Kwa hiyo karatasi za Lima zimehifadhi, bila kukusudia, mpangilio wa kipu ambayo yenyewe haipo tena.

Baada ya hapo mambo hayakwenda vizuri. Felipe Guacrapáucar, mtoto wa mmoja wa wakuu wa Wawanka, alivuka bahari hadi Hispania kudai zaidi, na akapewa nembo ya heshima na mfalme. Kijijini kodi ikazidi kugeuzwa kuwa fedha na mazao, vitu ambavyo Inka hawakuvidai kwa nyumba. Miaka ya 1570 gavana Francisco de Toledo alifufua zamu kwa ajili ya mgodi wa fedha wa Potosí: mmoja katika kila wanaume saba wa majimbo yaliyochaguliwa alikwenda kuchimba kwa mwaka mzima. Wahispania waliacha zamu iendelee lakini wakaondoa upande wa pili wake. Ghala halikulisha tena, chicha haikumwagwa, na ujira uliolipwa haukufikia gharama ya kuishi huko juu, hivyo jamaa walilazimika kubeba chakula kutoka nyumbani. Wengi hawakurudi, na wengine walihama vijiji vyao ili wasihesabiwe.

Mwaka 1583 baraza la maaskofu lililokutana Lima liliamuru kipu zilizohusishwa na ibada za kale ziharibiwe. Mahakama zilikuwa zimezikubali, makasisi wengine waliwaruhusu waumini kuorodhesha dhambi zao kwa mafundo, lakini heshima yake ilikwisha polepole karatasi ilivyoenea. Katika kijiji cha Tupicocha, milimani mashariki ya Lima, koo bado zinatunza kipu za mababu na kuwavisha viongozi wapya mwanzoni mwa mwaka, wakati wa mkutano wa hesabu za kijiji. Hesabu zenyewe siku hizi husomwa kutoka kwenye daftari.